Koo la Nozeli: Pale Hewa Inapokataa Kuongezeka

Gustaf de Laval, mhandisi wa Sweden, alijipatia jina kwa mashine ya kutenganisha krimu na maziwa kwa kuyazungusha kwa kasi kubwa. Aliyezoea mizunguko ya namna hiyo hakuona ajabu kutaka injini ya mvuke izunguke kwa kasi ile ile. Mwishoni mwa miaka ya 1880 akatengeneza turbaini yenye gurudumu dogo lililopangwa vibao pembeni. Mvuke uliovipiga vibao hivyo uliweza kulizungusha gurudumu mara 30,000 kwa dakika. Lakini ujanja wenyewe haukuwa kwenye gurudumu. Ulikuwa kwenye vibomba vifupi vilivyouleta mvuke, yaani nozeli, ambazo zilisinyaa hadi kwenye koo jembamba kisha zikapanuka tena kuelekea mdomoni.

Huku kupanuka ndiko kulikowasumbua watu. Anayemwagilia bustani anajua kwamba ukibana mdomo wa mpira maji yanaruka mbali, ukiuachia yanalegea. Kwa hesabu hiyo, mvuke ulioharakishwa kwa kubanwa kooni ulipaswa kupoa kasi mara tu bomba linapotanuka. Badala yake ulitoka ukiwa na kasi kupita ya sauti. Laval alijua kwamba kitu chake kinafanya kazi, lakini ubishi juu ya kinachotokea ndani yake uliendelea kwa miaka mingi. Mmoja wa waliousogeza mbele kwa vipimo ni Aurel Stodola, profesa wa Zurich. Alipitisha kibomba chembamba chenye tundu ubavuni katikati ya nozeli, akawa anakisogeza hatua kwa hatua huku akisoma presha ya kila mahali. Kitabu chake cha mwaka 1903 juu ya turbaini za mvuke kiliwapa wahandisi picha ya safari nzima ya mvuke, pamoja na ile miruko ya ghafla ya presha tutakayoifikia hivi punde.

Tofauti kati ya mpira wa bustani na nozeli ya Laval ni kwamba maji hayabonyei. Lita moja ya maji inabaki lita moja hata ikikimbia. Gesi inapokimbilia kwenye presha ndogo hutanuka, na kila lita yake inabeba gramu chache zaidi. Kwa hiyo tuna mambo mawili yanayovutana. Gramu zinazopita mahali fulani kila sekunde ni sawa na msongamano wa gesi mahali hapo, mara mwendo wake, mara upana wa njia. Gramu hizo lazima ziwe sawa kila mahali kwenye bomba, maana hakuna pa kujificha njiani. Mwendo ukipanda na msongamano ukishuka, upana wa njia ndio unaosawazisha.

Swali basi ni kipi kinabadilika haraka zaidi, mwendo au msongamano. Jibu linategemea namba moja tu, uwiano wa mwendo wa gesi kwa mwendo wa sauti ndani ya gesi hiyo hiyo, mahali hapo hapo. Uwiano huu huitwa namba ya Mach, kwa jina la mwanafizikia Ernst Mach. Chukua gesi inayokwenda kwa Mach 0.3. Ukiuongeza mwendo wake kwa asilimia 1, msongamano unapungua kwa asilimia 0.09 tu. Mwendo umeshinda kwa mbali, na njia inapaswa kusinyaa kwa karibu asilimia 0.9, kama ilivyo kwa maji. Sasa chukua gesi hiyo ikiwa Mach 2. Kwa asilimia 1 ile ile ya mwendo, msongamano unaporomoka kwa asilimia 4. Gesi imekuwa nyepesi mno kiasi kwamba gramu zile zile haziwezi kupita kwenye njia ile ile, na njia lazima ipanuke kwa asilimia 3. Katikati, kwenye Mach 1 kamili, viwili hivi vinalingana na njia haihitaji kusinyaa wala kupanuka. Hapo ndipo pa koo. Gesi inayoharakishwa kutoka kwenye utulivu hadi kupita sauti haina pengine pa kuvukia mpaka huo ila kwenye sehemu nyembamba kuliko zote.

Hesabu hizi zinasimama juu ya dhana moja ambayo wahandisi huiita mtiririko wa isentropia. Maana yake ni kwamba joto haliingii wala halitoki kupitia kuta za nozeli, na hakuna msuguano wala mshtuko unaopoteza nguvu njiani. Nishati yote inayoonekana kama mwendo imetolewa kwenye joto la gesi yenyewe, na kama ungeirudisha gesi polepole hadi kusimama, ingepata presha na joto lake la mwanzo bila upungufu. Hakuna nozeli ya kweli iliyo hivyo kabisa. Lakini gesi inapita haraka mno, sehemu ndogo tu ya sekunde, hata haipati muda wa kupashana joto na chuma, na msuguano unabaki kwenye utando mwembamba unaogusa ukuta. Kwa nozeli iliyochongwa vizuri na inayofanya kazi karibu na presha iliyokusudiwa, dhana hii inakaribia ukweli kuliko mtu angetegemea.

Upana unatoa jibu, na unatoa mawili

Kwa hewa ya kawaida, uhusiano kati ya upana wa njia na namba ya Mach unaandikwa kwa mstari mmoja:

A/A* = (1/M) × [(1 + 0.2 M²) / 1.2]³

A ni eneo la njia mahali unapopataka, A* ni eneo la koo ambapo Mach ni 1, na M ni namba ya Mach. Anayetaka anaweza kuujaribu kwa kikokotoo cha simu. Weka M kuwa 2. Mraba wake ni 4, mara 0.2 ni 0.8, ongeza 1 upate 1.8, gawa kwa 1.2 upate 1.5. Kipeo cha tatu cha 1.5 ni 3.375, na ukigawa kwa 2 unapata karibu 1.69. Maana yake ni kwamba hewa itakayotoka kwa Mach 2 inahitaji mdomo wenye eneo mara 1.69 ya koo.

Angalia kilichokosekana kwenye mstari huo. Hakuna presha ya tangi, wala joto lake, wala ukubwa wa nozeli. Uwiano wa maeneo mawili ndio peke yake unaoamua namba ya Mach ya mdomoni. Watu wengi wanadhani ukitaka gesi itoke kwa Mach kubwa zaidi inatosha kuongeza presha nyuma yake. Haiko hivyo. Ukiongeza presha unapata gramu nyingi zaidi kwa sekunde, na gesi inatoka mdomoni ikiwa na presha kubwa zaidi, lakini Mach inabaki ile ile. Presha inaamua tu kama utaipata Mach hiyo au hutaipata.

Tukienda kinyume, tukiwa na nozeli ambayo mdomo wake ni mara 2 kamili ya koo, mstari ule unatoa majibu mawili. Moja ni Mach 2.2 (kwa usahihi zaidi, 2.197). Jingine ni Mach 0.306. Yote mawili ni halali. Katika jibu la pili hewa inafika kooni ikigusa mwendo wa sauti, halafu inakata tamaa na kupunguza mwendo kwenye sehemu inayopanuka, kama maji. Ni lipi kati ya hayo litatokea? Hilo chuma hakiwezi kulijua. Linaamuliwa na presha iliyoko nje ya mdomo, na njia nzuri ya kuliona ni kulifuata jaribio moja kuanzia mwanzo.

Tangi, nozeli na vali

Tuchukue tangi kubwa la hewa kavu yenye presha ya bar 10.8. Hiyo ni presha kamili. Geji ya kawaida, ambayo huanza kuhesabu kutoka presha ya hewa inayotuzunguka, ingesoma karibu 9.8. Joto ni nyuzi 27 za Selsiasi, yaani kelvini 300. Nozeli ina koo la sentimeta moja ya mraba na mdomo wa sentimeta mbili za mraba. Mdomo unaingia kwenye chumba chenye vali, ambayo tunaweza kuifungua taratibu ili presha ya chumbani ishuke.

Vali ikiwa imefungwa, presha ni 10.8 pande zote na hakuna kinachosogea. Tunaifungua kidogo, hewa inaanza kupita. Tunaifungua zaidi, hewa inaongezeka. Halafu, presha ya chumbani inapofika karibu bar 10.1, yaani baada ya kushuka kwa chini ya bar moja, kiasi cha hewa kinagoma. Kuanzia hapo hata ukiifungua vali yote, hata ukiunganisha pampu na kukifanya chumba kuwa ombwe tupu, hewa inayopita haiongezeki hata gramu moja. Nozeli imekabwa. Kwa koo letu inapitisha karibu robo kilo ya hewa kila sekunde, na ndio mwisho wake.

Robo kilo ni nyingi kuliko inavyosikika. Tangi la lita 100 lenye presha hiyo lina hewa ya kilo 1.25 hivi, na koo hili lingeanza kulimaliza kwa mwendo wa kulikausha ndani ya sekunde tano. Ndiyo maana maabara zinazopima vitu kwenye upepo wa kasi kuliko sauti hujaza matangi makubwa kwa muda mrefu, halafu jaribio lenyewe likaisha kwa muda mfupi sana.

Kwa nini hewa inagoma? Hewa iliyoko tangini inajuaje kwamba presha ya chumbani imeshuka? Inaletewa habari na mawimbi madogo ya presha yanayopanda juu dhidi ya mtiririko, na mawimbi hayo husafiri kwa mwendo wa sauti. Hewa ya kooni ikishafika mwendo huo huo kuelekea mdomoni, wimbi linakuwa kama ngalawa inayopigwa kafi dhidi ya mkondo wenye kasi sawa na yake: jasho linatoka, ngalawa haisogei. Habari za chumbani zinakwama kooni. Tangi halina habari tena na linaendelea kutoa kile kile. Wahandisi waliliona jambo hili kwenye mvuke katika karne ya 19, na Osborne Reynolds wa Manchester, katika miaka ya 1880, akalieleza kwa namna hii ya habari zisizoweza kupanda juu.

Kiasi kinachopita koo lililokabwa kinaongozwa na mambo matatu tu: presha ya tangi, eneo la koo, na joto la tangi. Ukiongeza presha mara mbili, gramu zinaongezeka mara mbili. Ukilipanua koo mara mbili kwa eneo, vivyo hivyo. Joto linafanya kinyume na polepole zaidi, kwa kipeuo cha pili: kelvini zikiwa mara nne, gramu zinapungua nusu. Utegemezi huu rahisi ni mali. Fundi anayehitaji kupitisha kiasi maalumu cha gesi bila kujali vurugu za upande wa pili wa bomba anaweka koo dogo lililokabwa, na kisha anasoma geji moja tu ya upande wa juu.

Turudi kwenye vali. Kwenye bar 10.1 koo limekabwa, lakini mdomoni hewa inatoka kwa Mach 0.306, lile jibu la pili. Tukishusha zaidi, hewa inavuka sauti mara baada ya koo na kuendelea kuharakisha, lakini haifiki mbali. Presha yake imeshuka kupita kiasi, na chumba kinachomsubiri kina presha kubwa kuliko yake. Wimbi la mshtuko linasimama kukatiza bomba, jembamba kuliko karatasi, na ndani ya upana huo hewa inaruka kutoka juu ya sauti hadi chini yake, presha ikipanda ghafla. Hii ndiyo miruko aliyoisoma Stodola. Kadiri tunavyofungua vali, mshtuko unasogea kuelekea mdomoni na kuwa mkali zaidi. Kwenye bar 5.5 hivi unafika mdomoni kabisa.

Mshtuko ndio mahali ambapo isentropia inavunjika waziwazi. Ule wa mdomoni, wenye Mach 2.2 mbele yake, unapoteza zaidi ya theluthi ya presha ambayo hewa ingerejeza kama ungeisimamisha taratibu. Nishati haijaondoka, bado imo kwenye joto, ila haitumiki tena kusukuma chochote. Anayeendesha mtambo anaweza kuutambua mshtuko ulioko ndani kwa kutoboa vitundu vidogo kwenye ukuta na kuunganisha geji. Presha inashuka tundu baada ya tundu, halafu kati ya vitundu viwili inapanda ghafla.

Chini ya 5.5 mshtuko unatoka nje na kuinama ukingoni mwa mdomo. Kuanzia hapo, kwa hesabu za isentropia, mambo ya ndani hayabadiliki tena. Mdomoni ni Mach 2.2 na presha ni bar 1.01, chumba kiwe na bar 3 au sifuri. Chumba kikiwa na bar 1.01 pia, yaani sawasawa na hewa ya nje usawa wa bahari, mkondo unatoka mnyoofu bila mawimbi makali. Hiyo ndiyo presha niliyoichagulia tangi la 10.8. Ikishuka zaidi, mkondo unaendelea kutanuka nje ya nozeli kama mwavuli.

Hapa hewa halisi inaleta ukaidi kidogo. Presha ya nje ikiwa kubwa mno kuliko ya mdomoni, ule utando mwembamba uliochoshwa na msuguano hauna nguvu ya kusonga mbele dhidi yake, na unabanduka ukutani kabla mkondo haujafika mdomoni. Kanuni ya mafundi ni kwamba hatari hiyo huanza presha ya ukutani ikishuka chini ya theluthi moja hivi, au 0.4, ya presha ya nje. Kwa nozeli yetu ni kusema kwamba kati ya bar 5.5 na karibu bar 3, jibu safi la kitabuni na kinachoonekana mezani vitatofautiana.

Mach 2.2 ya kitu gani?

Sasa tuulize mwendo wenyewe. Sauti katika hewa ya nyuzi 27 husafiri mita 347 kwa sekunde. Mtu wa haraka atazidisha kwa 2.2 apate mita 763. Atakuwa amepotea, maana hewa ya mdomoni haina tena nyuzi 27. Imelipa mwendo wake kwa joto. Kooni imeshuka hadi kelvini 250, yaani nyuzi 23 chini ya sifuri, na mdomoni imefika karibu nyuzi 120 chini ya sifuri. Kwenye baridi hiyo sauti yenyewe inatambaa kwa mita 248 kwa sekunde. Mara 2.2, tunapata mita 544. Huo ndio mwendo wa kweli, na ukiulinganisha na sauti ya hewa ya chumba cha kawaida ni kama mara moja na nusu tu.

Baridi hii ndiyo sababu nilisema hewa kavu. Ukilijaza tangi kwa hewa ya Tanga au Mombasa bila kuikausha, unyevu wake utaganda kuwa matone na chembe za barafu ndani ya nozeli. Mvuke unapoganda hutoa joto, na joto hilo linaingia kwenye mtiririko tuliodai kwamba haupokei joto lolote. Mach inatoka chini ya ile iliyohesabiwa, na kwenye dirisha la maabara ukungu unaonekana mara baada ya koo.

Kwa upande wa pili, joto ndilo linalowapa watu wa roketi mwendo. Uwiano wa maeneo unaamua Mach, lakini mita kwa sekunde zinategemea jinsi gesi ilivyokuwa na moto kabla ya kuondoka. Kelvini za mwanzo zikiwa mara nne, mwendo wa mdomoni unakuwa mara mbili, Mach ikiwa ile ile. Gesi nyepesi nayo hukimbia zaidi kwenye joto lile lile.

Injini ya F-1, ambayo tano kati yake ziliiinua Saturn V ya safari za mwezini, ilikuwa na mdomo wa mara 16 ya koo. Gesi za moto haziko kama hewa kabisa. Zinahitaji namba nyingine kwenye mstari wetu, na kwa makadirio ya kawaida uwiano huo unatoa Mach 3.6 hivi. Ndani ya chumba cha kuunguzia presha ilikuwa karibu bar 70, na kwa hesabu hiyo hiyo mdomoni ilibaki karibu nusu bar. Ni chini ya presha ya usawa wa bahari, lakini bado juu ya ule mpaka wa kubanduka. Waliibuni makusudi hivyo, wakikubali hasara ndogo pale chini ili wapate faida roketi inapopanda kwenye hewa nyembamba.

Injini ya Merlin iliyotengenezwa kufanya kazi kwenye ombwe tu, kwenye hatua ya pili ya roketi ya Falcon 9, ina uwiano wa mara 165. Ukifanya hesabu ile ile unapata Mach 5.3 hivi. Eneo limeongezeka mara kumi na Mach haijafika hata mara mbili. Mwendo wenyewe, kwa gesi ya joto lile lile, umepanda kwa asilimia kama 14 tu, kwa kuwa gesi inapoa na sauti yake inazidi kupungua kadiri inavyotanuka. Kuna dari. Hata mdomo usio na mwisho hauwezi kuipa gesi nishati zaidi ya ile iliyokuwa nayo kama joto. Kwa hewa yetu ya nyuzi 27 dari hiyo ni mita 776 kwa sekunde, na nozeli ya mara 2 tayari imetufikisha 544.

Ndiyo maana roketi yenye hatua kadhaa haitumii nozeli ya aina moja. Roketi za Scout zilizorushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, zilikuwa na hatua nne za mafuta magumu. Mojawapo iliibeba setilaiti iliyopewa jina la Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Hatua ya kwanza inawaka kwenye hewa nzito ya pwani na haiwezi kubeba mdomo mpana sana bila mkondo kubanduka. Hatua za juu zinawaka pasipo na hewa ya kushindana nayo, na huko mdomo hupanuliwa mpaka pale uzito wa chuma unapozidi faida ya mwendo.

Nozeli za namna hii haziko kwenye roketi peke yake. Mafundi wanaopiga mchanga vyuma na matumbo ya meli kuondoa kutu wanazishika mikononi. Nozeli ndefu za kazi hiyo husinyaa kisha hupanuka, na hewa yake hupita sauti, ingawa mchanga, kwa kuwa ni mzito, hutoka kwa mwendo mdogo zaidi. Ukubwa wake hutajwa kwa sehemu za kumi na sita za inchi: namba 6 ina koo la milimita 9.5, namba 7 milimita 11.1. Mchanga unalila koo, na milimita moja na nusu inaonekana si kitu. Lakini eneo limeongezeka kwa asilimia 36. Koo limekabwa, kwa hiyo linadai hewa zaidi kwa asilimia 36 hiyo hiyo. Kompresa iliyokuwa inatosha kushikilia bar 7 kwenye geji na koo jipya haiwezi tena kulilisha, na presha itateremka mpaka koo likubali kile kompresa inachotoa, yaani karibu bar 4.9 kwenye geji.

Kuna na hasara ya pili ambayo geji haiioneshi. Mdomo hauliki sana kama koo, hivyo uwiano umebadilika. Nozeli iliyoanza na mara 2 sasa ina mara 1.47, na Mach ya mdomoni imeshuka kutoka 2.2 hadi 1.8 hivi. Fundi anaona kutu inakawia kutoka, anadhani mchanga ni mbaya au kompresa imechoka, na wakati mwingine anaanza kuifungua kompresa nzima. Kipimo cha kwanza kingekuwa rahisi zaidi: chukua keekee ya drili yenye ukubwa wa namba inayofuata, uipitishe kooni kwa mkono. Ikipenya, nozeli hiyo imekwisha.